Waifai imeshika ila haifungui kitu: ni ukuta wa nyumba au ni kampuni?

"Habari za kazi kaka. Nyumbani tuna faiba ya 20, ruta ipo sebuleni nyuma ya tivii. Chumbani kwetu huku nyuma simu inaonyesha waifai vimistari viwili, saa nyingine vitatu, ila WhatsApp inazunguka tu. Nimepima spidi sebuleni napata 19, chumbani 2, na usiku hata hiyo 2 siioni. Nikipiga simu kampuni wananiambia kwao kila kitu kipo sawa. Ila wiki iliyopita kuna siku ilikata nyumba nzima mpaka kesho yake. Mume wangu anasema tupandishe kifurushi kiwe 50, fundi mmoja anasema tununue ripita. Nafanya kazi nikiwa nyumbani kwa laptopu, naomba unisaidie tujue tatizo liko wapi kabla hatujatoa hela."

Salama dada. Kwanza kabisa hicho kifurushi cha 50 kiacheni. Umepima sebuleni ukapata 19 kwenye kifurushi cha 20, sasa hapo kampuni inadaiwa nini tena, mzigo wako umefika mpaka kwenye ruta. Unapotelea kati ya ruta na chumbani kwako. Mkilipia 50 leo, sebuleni mtaona 45 au 48, chumbani mtaona 2 ile ile. Kwa hiyo wanaposema kwao kipo sawa, kwa hili la chumbani wanasema kweli. Ila ile siku iliyokata nyumba nzima ni tatizo lingine, halina undugu na hili, na ndio maana mnavutana hapo nyumbani, mnajaribu kutibu magonjwa mawili kwa dawa moja.

Vile vimistari vya waifai havipimi intaneti. Vinapima kitu kimoja tu, simu yako inaisikia ruta kwa nguvu kiasi gani. Faiba inaweza kuwa imekatwa barabarani huko na simu ikakuonyesha waifai imejaa pomoni, maana ruta bado iko hai na inarusha mawimbi kama kawaida. Na kinyume chake pia, intaneti inaweza kuwa imefika nzima kabisa kwenye ruta halafu wewe chumbani usipate kitu. Kuna safari mbili hapo: simu mpaka ruta, halafu ruta mpaka kampuni na dunia. Vimistari vinakuhabarisha safari ya kwanza tu, tena nusu yake.

Nasema nusu kwa sababu waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ina umeme wa ukutani na antena za maana, inarusha kwa nguvu, simu inatunza betri kwa hiyo inarusha kidogo. Ni kama mtu mwenye spika anaongea na mtu aliyepwelewa sauti ng'ambo ya ukuta, huyu wa pili anasikia kila kitu ila akijibu hasikiki. Simu yako inaisikia ruta, inachora vimistari vitatu, halafu ikituma ujumbe ruta haiupati vizuri, simu inarudia, inarudia tena, na huku kwenye skrini kinazunguka kile kiduara. Ndio hiyo WhatsApp yako. Sio simu mbovu na wala sio intaneti imekata.

Sasa kuhusu kuta. Sijaiona nyumba yako ila nyumba zetu nyingi ni matofali ya saruji ya inchi 5 au 6 yamepigwa plasta pande zote mbili, na kwenye nguzo na mikanda kuna nondo. Ukuta wa namna hiyo mmoja unaweza kula nguvu ya waifai ikabaki sehemu ya kumi, wakati mwingine chini ya hapo, na ukuta wa pili unakipunguza tena kilichobaki mpaka sehemu yake ya kumi, kwa hiyo kuta mbili tu ushashuka mpaka moja ya mia. Umbali nao unapunguza ila sio kwa kasi hiyo, kwenye uwazi ukizidisha umbali mara mbili unabaki na robo ya nguvu. Ndio maana mtu anakaa barazani mita 15 kutoka kwenye ruta anaangalia video vizuri, dirisha tu limewatenganisha, halafu wewe chumbani mita 8 huna kitu. Hebu piga mstari wa moja kwa moja kichwani kutoka nyuma ya tivii mpaka kitandani kwako uone unapita wapi. Mara nyingi unapita jikoni kwenye friji, au bafuni, au kwenye kabati lenye kioo kirefu. Friji ni chuma, kioo kina rangi ya madini kwa nyuma, vyote viwili vinarudisha mawimbi. Simtanki la maji likiwa njiani ndio kabisa, maji yanakunywa waifai. Na tivii yenyewe ni bati pana limesimama mbele ya ruta yako, hapo nyuma ya tivii ni sehemu mbaya kuliko zote ila mafundi wanapapenda kwa sababu soketi ipo.

Tupime sasa, umesema una laptopu ya kazi, hiyo inatosha. Kaa chumbani hapo hapo kunakosumbua, kama ni Windows fungua Command Prompt, andika hii:

```
netsh wlan show interfaces
```

Itatoa maandishi mengi, tafuta palipoandikwa Signal, pana asilimia. (Windows 11 za karibuni zinaweza kukukatalia mpaka uwashe Location, iwashe tu.) Ukiona 65 kwenda juu unafanya kikao cha video bila wasiwasi. Ikishuka 50 ushaingia kwenye shida, 40 kwenda chini hapo ni kuomba Mungu. Na usidanganywe na neno asilimia, 50 hapo sio nusu ya nguvu. Kwa hesabu zake za ndani, kutoka 100 mpaka 50 mawimbi yameshapungua zaidi ya mara 300.

Halafu fanya kipimo ambacho ndicho kitamaliza ubishi wote wa nyumbani na wa kwenye simu na kampuni. Unaiuliza ruta "upo?" na kwa wakati huo huo unauliza kitu kilicho nje ya nyumba "upo?", unaangalia nani anaacha kujibu. Kwanza andika `ipconfig`, tafuta Default Gateway, hiyo ndio namba ya ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Fungua madirisha mawili ya Command Prompt, kwenye moja weka mstari wa kwanza, kwenye lingine wa pili:

```
ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8
```

(Hapo juu weka namba ya ruta yako wewe. 8.8.8.8 ni kompyuta za Google, zinajibu karibu muda wote.) Yaache yote mawili yatembee kama dakika tano huku unayaangalia, kusimamisha ni Ctrl na C.

Kama uko chumbani na dirisha la ruta linakuandikia time=3ms, halafu 180ms, halafu Request timed out, halafu 40ms, halafu tena timed out, basi umeshajua, tatizo liko ndani ya nyumba yako, na la Google litakuwa linayumba hivyo hivyo kwa sababu lazima lipite njia hiyo hiyo mbovu. Usihangaike hata kuliangalia. Kama dirisha la ruta limetulia, 2ms, 3ms, 2ms, ila la 8.8.8.8 ni timed out mfululizo, nyumba yako ni nzima, kilichokatika ni nje ya ruta, hapo ndio pa kupiga simu. Na kama yote mawili yanajibu vizuri halafu tovuti hazifunguki, jaribu `ping google.com`, ikikuambia could not find host basi ruta inashindwa kutafuta majina ya tovuti, intaneti yenyewe ipo, mara nyingi kuzima na kuwasha ruta kunamaliza.

Angalizo moja. Jibu moja moja la kuruka, labda 2ms nyingi halafu 90 moja, lisikutishe, ruta ikiwa bize hupa ping nafasi ya mwisho. Tunatafuta mwenendo, sio tukio moja. Na rudia kipimo hicho hicho umekaa mita mbili kutoka kwenye ruta, maana kipimo cha chumbani kikiwa kinayumba hakikuambii chochote kuhusu kampuni. Hili watu wanaliruka, mtu anapima spidi akiwa kitandani anapata 2, anapiga picha skrini anaituma kampuni na matusi juu, na wale wanaangalia upande wao wanaona ruta ipo hewani, faiba inasoma vizuri, wanamjibu kipo sawa. Kila mtu anaona mwenzake muongo na wote wanasema kweli.

Tuje kwenye usiku. Kuta haziongezeki usiku kwa hiyo kuna kitu kingine kinaingia juu ya udhaifu uliopo, na hapa kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni majirani. Ruta yako inarusha njia mbili, ya 2.4GHz na ya 5GHz. Ya 5 ina kasi ila kuta mbili za saruji zinaimaliza, kwa hiyo chumbani karibu hakika simu yako imeshikilia ya 2.4. Na hiyo 2.4 ni nyembamba, ina chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, 1, 6 na 11, na hizo hizo ndio zinatumika na ruta za majirani wote, blututhi, na maikrowevu ikiwashwa nayo inavujisha humo humo. Waifai ina adabu, kila kifaa kinasubiri mwenzake amalize kuongea ndipo nacho kiongee, sasa saa mbili usiku mtaa mzima umerudi nyumbani unaangalia tamthilia, kifaa chako chenye sauti ndogo kinasubiri foleni na kikipata zamu hakisikiki. Mshukiwa wa pili ni kampuni yenyewe kuelemewa, wateja wengi kwenye njia moja jioni.

Kuwatenganisha ni rahisi. Saa tatu usiku nenda kaa kando ya ruta, ukiwa na waya wa neti chomeka laptopu moja kwa moja ni bora zaidi, hakikisha hakuna mtoto anayedaunlodi kitu, pima spidi. Ukipata 18, 19 kama mchana, kampuni haina kosa, ni hewa ya mtaani imejaa. Ukipata 5 ukiwa kwenye waya, basi ni wao, na hapo kuta za nyumba yako hazihusiki kabisa. Fanya siku tatu tofauti, andika saa na namba. Kingine cha kukusaidia ni ile Signal ya mwanzo. Asilimia ndogo na spidi ndogo ni umbali na kuta. Asilimia kubwa, tuseme 80, halafu spidi bado mbovu na ping ya ruta inaruka, huo ni msongamano wa hewani na hapo ripita haisaidii, inaongeza kelele nyingine. Kinachosaidia ni kuingia kwenye ruta kubadilisha chaneli ya 2.4, ichague mwenyewe kati ya 1, 6 na 11 iliyo na watu wachache (apu ya WiFi Analyzer kwenye Android itakuonyesha majirani wako wako wapi), na upana wa chaneli uweke 20MHz, sio 40.

Ile siku iliyokata nyumba nzima hukuhitaji laptopu, ilitakiwa uangalie taa za ruta. Kuna taa imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu au inapepesa nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki nyumbani kwako, waya umekatika mtaani, au umekunjwa, au gari limebeba nyaya za nguzoni, na hapo uzime ruta mara mia haitarudi, mpaka waje. LOS ikiwa imezima na taa ya PON imetulia kijani ila taa ya INTERNET imezima au ni nyekundu, waya ni mzima ila hujaruhusiwa kuingia, anza kuangalia kama malipo yameisha. Na kuna siku taa zote ni kijani, sebuleni na chumbani kote hakuna cha maana, jirani wa kampuni nyingine naye analia. Mei 12, 2024 ilikuwa hivyo, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Tanzania na kwa majirani zetu intaneti ilidhoofika vibaya, watu wakashinda wanazima na kuwasha ruta zisizo na kosa. Siku kama hiyo washa data ya simu kwenye laini ya kampuni nyingine, nayo ikisumbua hivyo hivyo basi subiri tu.

Na nakuomba sana, siku imekata usichomeke pini kwenye kitundu cha RESET. Kuzima na kuwasha kwenye swichi hakuna madhara, ila hicho kitundu kinafuta setingi zote, ikiwemo jina na nywila ya kuingilia kwa kampuni ambavyo fundi aliviweka siku ya kufunga. Tatizo la nje la saa mbili unaligeuza tatizo la ndani la siku tatu.

Kwa hali yako, tuseme umepima chumbani ukapata Signal 44, dirisha la ruta linaruka, kando ya ruta kila kitu shwari, ningefanya hivi. Kwanza bure kabisa: toa ruta nyuma ya tivii, ipandishe juu, usawa wa kichwa au zaidi, iwe wazi, antena zisimame wima maana zinarusha kwa ubavu, hazirushi kwa ncha, ukizielekeza chumbani kama bunduki unafanya kinyume. Waya ule mwembamba wa faiba usiuvute wala kuukunja pembe kali, mviringo wake usiwe mdogo kuliko kikombe cha chai, na kile kichwa cha kijani usikichomoe, vumbi kidogo tu linaziba mwanga, wala usichungulie ndani yake maana mwanga wake hauonekani ila unaweza kuumiza jicho. Ukitaka ihamie ukuta mwingine muite fundi wa kampuni. Kupandisha tu kunaweza kukutoa 44 ukafika 55, na unaweza kukuta kazi imeisha hapo.

Isipotosha, jibu bora ni waya. Kebo ya neti ya Cat6 kutoka kwenye ruta mpaka chumbani, hata ikipita juu ya dari, inafika mita 100 bila kupoteza kitu, mwisho wake unafunga ruta ndogo ya pili kama kituo cha waifai. Fundi aichomeke kwenye LAN sio WAN, azime DHCP ya hiyo ya pili, yaani kazi ya kugawia vifaa namba, na aipe namba yake, mfano 192.168.1.2, wakati ile kubwa ni 192.168.1.1. DHCP zikibaki mbili nyumba nzima itaanza kukatika kwa namna ambayo hakuna atakayeielewa. Wewe unayefanya kazi za vikao ndio ningekushauri hii, unachomeka laptopu kwa waya chumbani na stori ya kuta inaisha.

Ripita sio mbaya, ila inunue ukijua inafanya nini. Inasikiliza ruta kisha inarudia, zile za bei ndogo hazina njia mbili kwa hiyo nusu ya muda inasikiliza nusu inaongea, kasi ya waifai inayopita humo inashuka kama nusu, usitegemee 19 yako yote. Kwa 2 unayopata sasa ni nafuu kubwa, video inapita. Kosa linalofanyika kila siku ni kuichomeka chumbani kule kule kusikoshika, inapokea uchafu inarudia uchafu, vimistari vinajaa vyote na spidi inabaki 2. Tembea na laptopu kwenye korido, simama mahali Signal bado inasoma 65 mpaka 70, soketi ya karibu na hapo ndio mahali pake.

Fundi wa kampuni mwite kama LOS ni nyekundu, kama kwenye waya usiku unapata chini ya nusu ya unacholipia siku tatu mfululizo, au kama ruta inajizima yenyewe taa zote halafu inawaka upya, hiyo mara nyingi ni adapta ya umeme inakufa. Ukipiga simu usiseme "mtandao unasumbua", waambie hivi: "nimechomeka kwa waya, ping ya ruta ni 2ms, 8.8.8.8 haijibu tangu saa mbili na robo, LOS inawaka nyekundu." Hapo hawatakuambia kwao kipo sawa, watakuuliza fundi aje saa ngapi.